Uzi: Azimio la kazi la jimnastiki, sekondari ya chini, wiki 12. Matokeo ya kujifunza yaandikwe vipi ili yapimike?

Mwl_Neema

Walimu wenzangu, naomba macho yenu kabla sijaandika upya. Darasa lina wanafunzi 44, magodoro 8 na kipindi kimoja cha dakika 80 kwa wiki. Azimio langu lilikuwa hivi: wiki ya 1 usalama, ya 2 kubingirika mbele, ya 3 kubingirika nyuma, ya 4 kusimama kwa kichwa, ya 5 kusimama kwa mikono, ya 6 gurudumu, ya 7 daraja, ya 8 na ya 9 kuruka kasha, ya 10 marudio, ya 11 kuunganisha mitindo, ya 12 jaribio.

Safu ya matokeo nimeandika kila wiki "mwanafunzi aelewe na aweze kufanya" halafu jina la mtindo, halafu "kwa usahihi". Mkuu wa idara amelirudisha na swali moja pembeni: yanapimwaje? Nimejaribu kubadili vitenzi, nikaweka "aonyeshe" badala ya "aelewe", lakini naona swali bado liko palepale.

FundiRatiba

Kitenzi peke yake hakitoshi, unahitaji namba. Andika "asilimia 80 ya wanafunzi watabingirika mbele mara 10 bila kusimama". Hapo mtu yeyote akija anahesabu tu. Kwa kusimama kwa mikono weka sekunde, kwa gurudumu weka idadi. Ukishaweka namba kila mstari, mkuu hana la kusema.

KochaBahari

Fundi yuko sahihi kwamba panahitajika kitu cha kuhesabu. Ila namba alizochagua zinapima vitu vingine.

Asilimia 80 ni hesabu ya darasa. Inafaa kwenye tathmini ya mwalimu mwisho wa muhula, aone kama mpango wake ulifanya kazi. Haimwambii Asha wala Juma afanye nini ili ahesabike amefaulu. Matokeo ya kujifunza yanaandikwa kwa mwanafunzi mmoja, na kila mmoja anapimwa kwayo.

Kubingirika mara 10 mfululizo kunapima uvumilivu wa kizunguzungu. Mwanafunzi anayeweka utosi chini na kusukuma kwa nguvu anaweza kumaliza zote kumi, na kila moja ilikuwa mbaya kwa shingo yake. Ukimlipa alama kwa wingi, ataongeza kasi, na kasi ndiyo inayofanya kidevu kiachie kifua.

Kinachohesabika vizuri kwenye jimnastiki ni alama za mwili zinazoonekana kwa macho wakati kitendo kinapita. Kwa kubingirika mbele ningeandika hivi:

"Kufikia mwisho wa wiki ya 3, mwanafunzi atabingirika mbele kwenye godoro tambarare, akianza kwa kuchuchumaa na kumaliza amesimama, ambapo katika majaribio 2 kati ya 3: utosi haukugusa godoro, viganja havikurudi chini wakati wa kuinuka, mwili haukutoka nje ya upana wa godoro."

Soma tena uone kilichomo. Kuna kitendo, kuna mazingira ya kukifanya, kuna kiwango. Na zile alama tatu sikuziokota ovyo. Kila moja ni dirisha la sababu. Utosi ukigusa, nyonga hazikuinuka vya kutosha au kidevu hakikubanwa kifuani. Viganja vikirudi chini, miguu ilifunguka mapema na visigino vikatua mbali na makalio, kwa hiyo uzito umebaki nyuma. Akitoka pembeni, mkono mmoja umesukuma kuliko mwingine, au aliweka mmoja mbele ya mwenzake. Ukiweka tiki au mkasi kwenye kila alama, papo hapo unajua wiki ijayo umrekebishe nini.

Mama_Zawadi

Mwalimu Neema, anza na utangulizi dakika 5, kupasha mwili dakika 10, maelezo na onyesho, mazoezi kwa vikundi, halafu hitimisho na maswali. Safu ya nyenzo usisahau filimbi. Ukifuata hatua hizo huwezi kukosea.

Mwl_Neema

Ahsante mama. Hilo ni andalio la kipindi kimoja, na nitalihitaji. Kwa sasa nahangaika na azimio zima la muhula, nini kikae wapi na kipimweje.

Mama_Zawadi

Aa, nimekuelewa sasa. Basi nasoma na mimi.

Salama_PE

Kabla ya kuandika matokeo, fanya hesabu ya zamu, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuambia kwamba mitindo 7 kwa muhula haiwezekani.

Dakika 80 si 80. Toa 10 za kubadili nguo na kupanga magodoro, 12 za kupasha mwili, 13 za kupoa, kurudisha vifaa na kubadili tena. Zimebaki 45. Toa 10 za kuonyesha na kusahihisha darasa zima, zinabaki 35 za kufanya. Wanafunzi 44 kwenye magodoro 8 ni magodoro manne yenye watu 6 na manne yenye watu 5. Zamu moja, tangu mtu ajiweke sawa hadi aondoke kwenye godoro, ni kama sekunde 20. Kwenye godoro la watu 6 mzunguko ni dakika 2. Dakika 35 zinakupa zamu 17 kwa mwanafunzi, na hizo ni kama hakuna aliyezubaa.

Kwa azimio la mwanzo, ukiacha kasha lenye wiki mbili, kila mtindo unapata zamu 17, mara moja, kisha hauonekani tena mpaka wiki ya 10. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kubeba uzito wake kwa mikono, zamu 17 za kusimama kwa mikono zinaishia kwenye kuogopa kidogo kuliko mwanzo. Ni hatua nzuri, lakini si umahiri unaoweza kuupima kwa haki.

KochaBahari

Hesabu hiyo ibandikwe juu ya uzi. Mimi ningeanza azimio kutoka mwisho. Amua wiki ya 11 na 12 mwanafunzi ataonyesha nini, halafu rudi nyuma wiki moja moja ukiuliza anahitaji nini ili afike pale.

Mwisho ninaoupendekeza ni mfululizo mfupi wa sekunde 25 hadi 30, wenye vitu vitano tu: umbo tulivu la kuanzia, kubingirika, kusimama kwa uzito wa mikono, gurudumu, na kuruka kwa kunyooka kunakomalizika kwa kutua kwa utulivu. Mitindo mipya mikubwa ni mitatu. Kuruka na kutua kunafundishwa ndani ya kupasha mwili tangu wiki ya 1, hakuhitaji wiki yake. Kubingirika nyuma, daraja na kusimama kwa kichwa vinatoka. Kasha linatoka kabisa muhula huu, kwa sababu kulipanga kunakula dakika, na linahitaji mwalimu asimame palepale wakati magodoro mengine 6 hayana jicho.

Mpangilio unakuwa hivi. Wiki ya 1 ni kubeba na kupanga magodoro, kutua, maumbo matatu ya mwili (kunyooka, kujikunja, kutanua miguu), na kupima walipo. Wiki ya 2 na 3 kubingirika mbele. Wiki ya 4 na 5 uzito kwenye mikono: kutembea kama dubu, kuruka kwa sungura, kukaa kama chura juu ya viwiko. Wiki ya 6 ni ya kituo, hakuna kipya. Wiki ya 7 na 8 gurudumu. Wiki ya 9 kusimama kwa mikono na msaidizi. Wiki ya 10 kuunganisha. Wiki ya 11 na 12 kupima.

Wiki ya 6 usiiguse. Siku moja ya shughuli ya shule ikila kipindi, wiki hiyo ndiyo inayokuokoa. Isipoliwa, wale ambao bado utosi unagusa wanapata zamu nyingine 17, na wengine wanaanza kuunganisha vitu viwili.

FundiRatiba

Nakubali kuhusu asilimia. Lakini sekunde kwenye kusimama kwa mikono naona bado ni sawa. Hata kanuni za kimataifa za jimnastiki ya wanaume zinataka mikao tuli ishikiliwe sekunde 2.

KochaBahari

Sekunde ni kipimo kizuri kwa mkao tulivu, hapo hatubishani. Andika tu zinaanza kuhesabiwa lini. Mwanafunzi anahesabu tangu mguu unapoondoka chini, mwalimu anahesabu tangu miguu ikutane juu. Hapo tayari mna tofauti ya sekunde nzima kwenye kipimo cha sekunde 3. Andika: "zihesabiwe kuanzia miguu miwili inapotulia, na anayehesabu awe mwenza, kwa sauti".

Na usiache sekunde peke yake. Mtu anaweza kubaki juu sekunde 3 viwiko vimekunjwa na mgongo umepinda kama ndizi, huku mwenzake amembeba. Weka alama zake: viwiko vimenyooka, masikio yako kati ya mikono, ameshuka mguu mmoja mmoja na kurudi kusimama. Hiyo ya kushuka wengi huisahau, na ndiyo inayokuonyesha kama alikuwa na udhibiti au alianguka tu upande mzuri.

Salama_PE

Hapo kwenye mpangilio ndipo tunapotofautiana, Kocha. Kusimama kwa mikono umekuweka wiki ya 9, baada ya gurudumu. Mimi ningekutanguliza, wakiwa wanatazama ukuta: wanaweka viganja chini, wanapandisha miguu ukutani hatua kwa hatua mpaka wafike urefu wanaoumudu, tumbo likielekea ukuta. Gurudumu linadai mabega yashike uzito wote wa mwili kwa muda, mkono mmoja baada ya mwingine. Asiye na mabega hayo anakunja viwiko, au anapitisha miguu chini kwa pembeni kama anayeruka ua, na hilo likishazoeleka kulifuta ni kazi.

KochaBahari

Nguvu ya mabega naikubali. Sababu yangu ni njia ya kutokea. Anayepiga miguu kwenda juu na kupitiliza upande wa pili anahitaji kujua kugeuka robo na kushuka ubavu, mguu mmoja mmoja. Huko kushuka ni nusu ya gurudumu. Akilijua gurudumu kwanza, hofu ya kuangukia mgongo inapungua, naye anathubutu kupiga mguu vya kutosha. Asipolijua, anapiga nusu nusu, msaidizi anavuta, na zamu zinapotea.

Salama_PE

Kwa kupiga mguu uko sawa. Kwa kutembea ukutani hapitilizi popote, ukuta uko mbele yake. Hatari yake ni moja: kusogea karibu mno na ukuta kisha kuchoka. Kwa hiyo weka mstari wa chaki ambao viganja visiuvuke, na kanuni kwamba anaanza kushuka kabla mikono haijatetemeka.

KochaBahari

Basi tukubaliane nusu: kutembea ukutani kuingie wiki ya 5 kama zoezi la kubeba uzito, kupiga mguu kubaki wiki ya 9. Kama mtu ana ukuta. Bila ukuta ninabaki na mpangilio wangu.

Salama_PE

Mimi bila ukuta bado ningeanza na mabega, ila tuendelee, Neema anasubiri.

Mwl_Neema

Ukuta upo, upande mmoja, unatosha watu kama 10 kwa mara moja. Naomba msaada kwenye gurudumu. Nimeandika "mwanafunzi atapiga gurudumu miguu ikiwa imenyooka na mwili ukiwa wima". Inatosha?

KochaBahari

Jaribu hili kabla hujaliweka kwenye azimio. Wewe na mwalimu mwingine mtazame wanafunzi 10 walewale, kila mmoja na karatasi yake, bila kusemezana. Linganisheni tiki. Mkikubaliana chini ya 8 kati ya 10 kwenye alama fulani, alama hiyo ina ukungu, na kosa ni la maandishi, si la macho yenu.

"Mwili ukiwa wima" itaanguka jaribio hilo. Wima wakati gani? Kutoka wapi hadi wapi? Badilisha iwe "nyonga zimepita juu ya mabega". Anayetazama akisimama mbele ya mstari analiona hilo wazi. "Miguu imenyooka" nayo ni nzito kwa anayeanza. Kwenye kiwango cha darasa zima ningeiacha, niiweke kwa waliokwisha kufika.

Matokeo yenyewe: "Kufikia mwisho wa wiki ya 8, mwanafunzi atapiga gurudumu juu ya mstari uliochorwa, kwa upande anaouchagua, ambapo katika majaribio 2 kati ya 3: vinagusa chini kwa mpangilio wa mkono, mkono, mguu, mguu, nyonga zimepita juu ya mabega, mguu wa mwisho umetua si mbali na mstari kuliko urefu wa kiatu chake."

Mpangilio wa mkono, mkono, mguu, mguu unausikia hata bila kutazama, ni midundo minne. Ukisikia mitatu, miguu imetua pamoja, maana yake mguu wa pili haukubaki juu kusubiri. Ukisikia miwili, ameruka sungura kwa ubavu. Wafundishe wapige makofi midundo hiyo wiki ya 7 kabla hawajagusa godoro. Nyonga zisipopita juu, mara nyingi mkono wa kwanza umewekwa karibu mno na mguu, kwa hiyo mwili hauna nafasi ya kunyooka. Mwambie asogeze alama ya mkono mbele kwa urefu wa kiatu kimoja, halafu tazama tena.

Nyasi_Tupu

Jamani, mimi sina godoro hata moja. Kuna uwanja wa nyasi tu na wanafunzi 60. Je, azimio hili ninalitumiaje? Niandike matokeo yaleyale?

Salama_PE

Yaleyale hapana, ndugu. Ukiandika "kwenye godoro tambarare" na godoro halipo, unapima kitu ambacho hukukifundisha.

Kwenye nyasi laini, kavu, zilizokaguliwa mawe, vigae na mashimo, unaweza kufundisha kutua, maumbo, mikao ya kutulia ya mtu mmoja na ya wawili, kutembea kama dubu, kuruka kwa sungura, na gurudumu la chini lenye magoti yaliyokunjwa. Kubingirika kama gogo na kuyumba mbele na nyuma kwa mgongo uliokunjwa pia vinakubali kama ardhi ni laini kweli. Kubingirika mbele kamili na kupiga mguu kwenda kusimama kwa mikono ningeviacha. Mfululizo wako wa mwisho ujengwe kwa hivyo ulivyo navyo, na mazingira uyaandike ndani ya sentensi: "kwenye nyasi kavu". Mvua ikinyesha, jimnastiki haifanyiki siku hiyo, kwa sababu kiganja kinateleza kabla bega halijawa tayari.

Zamu ni faida yako, kwa kuwa hakuna foleni ya godoro. Panga wawili wawili kwenye gridi, mita 3 kati ya jozi na jozi, wote wakitazama upande mmoja.

Nyasi_Tupu

Na watoto wa mtaani kwetu wanaopiga kichwangomba kwenye mchanga tangu wadogo? Wanaweza kubingirika, naona kama nawazuia.

KochaBahari

Watazame utosi wao. Wengi wa waliojifunza kwenye mchanga wanapita kwa kichwa, kwa sababu mchanga husamehe, na ardhi ngumu haisamehi. Kwenye kupima wiki ya 1 wape kuyumba kwa mgongo na kusimama bila mikono. Anayeweza hilo ana umbo. Asiyeweza, kasi ndiyo iliyokuwa inamsaidia.

FundiRatiba

Swali la hesabu. Neema ana wanafunzi 44, majaribio 3 kila mmoja, alama 3 kila jaribio. Mwalimu mmoja atawezaje kuandika yote hayo ndani ya kipindi?

Salama_PE

Hawezi kwa kipindi kimoja, na azimio lisijidanganye. Ukisimama kwenye godoro la watu 6 na kutazama mizunguko 3, ni dakika 6. La watu 5 ni dakika 5. Magodoro yote 8 ni dakika 44, nawe una 35. Kwa hiyo upimaji wa kubingirika unaanzia wiki ya 2: magodoro 3 siku hiyo, yanayobaki wiki ya 3. Aliyefikia kiwango wiki ya 2 humtazami tena. Ambaye hajafika anatazamwa tena wiki ya 3, na akibaki, wiki ya 6.

Karatasi iwe na majina kwa godoro, si kwa alfabeti, la sivyo utatafuta jina huku jaribio limepita. Safu tatu, tiki au mkasi. Usitumie alama 1 hadi 10 hapa, kwa sababu hakuna anayeweza kueleza tofauti ya 6 na 7 kwa kitu kilichodumu sekunde 2.

KochaBahari

Mfululizo wa mwisho nao una hesabu yake. Sekunde 30 za kuonyesha, 15 za kujiweka sawa, 30 za kuandika. Ni sekunde 75, mara 44, ni dakika 55. Ndiyo sababu wiki ya 11 na ya 12 zote ni za kupima, wanafunzi 22 kila moja, kama dakika 27 na nusu.

Sasa jambo ambalo azimio nyingi zinanyamazia: wale 22 wengine wanafanya nini? Ukiwa umeinamisha macho kwenye karatasi, asiwepo mwanafunzi yeyote kichwa chini miguu juu upande mwingine wa ukumbi. Andika kwenye safu ya shughuli za wiki ya 11 na 12: "wasiopimwa wanafanya mikao ya kutulia, kutua, na kupanga mfululizo wao kwa kutembea, bila kupindua mwili". Andika hivyo hivyo, ili hata mwalimu wa kujaza nafasi alijue.

Mama_Zawadi

Sasa mimi nina swali la kweli. Kuna mwanafunzi mzito, na mwingine ana tatizo la shingo. Hao wanapimwa kwa sentensi hiyohiyo ya kubingirika mbele? Wakikosa wanaandikiwa sifuri?

Salama_PE

Swali zuri mama, na jibu linatakiwa liwe ndani ya azimio tangu mwanzo, lisingoje siku ya jaribio.

Kwa wa shingo, kubingirika mbele na kichwa chini havimhusu kabisa, na hilo liamuliwe na mzazi na mtaalamu wa afya kabla ya wiki ya 2. Matokeo yake yanakuwa kubingirika kama gogo: mita 3 sawasawa, mikono imenyooka juu ya kichwa, miguu imebaki pamoja, hakutoka nje ya godoro. Alama tatu, majaribio 2 kati ya 3. Uzito wa kipimo ni uleule, mtindo ndio mwingine. Lakini hata hilo gogo ulipitishe kwa huyo mtaalamu, kwa sababu kichwa kinageuka.

Kwa mwanafunzi mzito ambaye ni mzima, tatizo kwa kawaida ni kuinua nyonga na kuinuka bila mikono. Mpe mteremko. Weka ubao wa kurukia au magodoro yaliyokunjwa chini ya godoro moja ili upande mmoja uinuke kama sentimita 20 hadi 30, aanzie juu. Mteremko unamkopesha kasi. Matokeo yake yanasema "kwenye godoro lenye mteremko" badala ya "tambarare", na alama tatu zinabaki zilezile.

FundiRatiba

Hapo ndipo ninapobisha. Mmoja amefanya kwenye mteremko, mwingine tambarare, mwingine gogo, wote wanapata tatu juu ya tatu. Kwenye ripoti mzazi ataona wako sawa.

KochaBahari

Kuna njia mbili, na sijaona iliyo safi kabisa. Ya kwanza ni kuandika ngazi pembeni ya alama: ngazi ya 1 mteremko, ya 2 tambarare, ya 3 kubingirika kunakoishia kwa kuruka juu. Ripoti inasema "ngazi ya 1, alama 3 kati ya 3". Ni ya kweli, lakini ngazi zinageuka majina ya watoto haraka sana. Ya pili ni kulinganisha na wiki ya 1: alikuwa wapi, amefika wapi. Hiyo inamtendea haki anayeanza chini, ila anayekuja tayari anajua anaonekana hajapiga hatua.

Mimi naandika ngazi kwenye karatasi ya mwalimu, na kwa mwanafunzi namrudishia alama tatu pamoja na ile iliyokosekana.

Salama_PE

Mimi naona mwanafunzi aambiwe ngazi na aichague mwenyewe. Mwalimu akificha ngazi, yeye ndiye anayeamua hofu ya mtoto. Hili hatulimalizi leo.

Niongeze moja tu. Azimio la Neema lina matokeo ya mwili tu. Weka angalau mawili ya jicho, kwa kuwa mwanafunzi 1 kati ya 6 yuko kwenye godoro na 5 wanatazama. Mfano: "Akitazama majaribio 3 ya mwenzake, mwanafunzi atataja alama iliyokosekana na sababu yake, sawa na mwalimu, angalau mara 2". Wape wanaosubiri kadi yenye zile alama tatu. Kukaa foleni kunageuka kazi, nawe unapata kipimo kingine bila dakika ya ziada.

Mwl_Neema

Nimeandika upya wiki ya 4 na 5, ambayo ilinisumbua kwa kuwa haina mtindo wenye jina. Itazameni:

"Kufikia mwisho wa wiki ya 5, mwanafunzi atabeba uzito wake kwa mikono katika mkao wa chura kwa sekunde 3, zikihesabiwa na mwenza kwa sauti tangu vidole vya miguu viachie godoro, ambapo: magoti yako juu ya viwiko, macho yanatazama mbele ya viganja, ameshuka kwa vidole vya miguu na si kwa kichwa. Majaribio 2 kati ya 3."

KochaBahari

Nzuri. "Magoti yako juu ya viwiko" iangalie: wengi wanaweka sehemu ya ndani ya goti juu kidogo ya kiwiko, kwenye mkono wa juu, na ni sahihi. Andika "magoti yameegemea mikono" utakuwa salama. Na weka godoro la ziada au nguo iliyokunjwa mbele ya viganja kwa wiki ya 4, maana kosa la kwanza la chura ni kuinama mbele mno na kutua kwa uso. Wakiona laini mbele yao wanathubutu kuegemea, na bila kuegemea miguu haitoki chini.

Mwl_Neema

Sawa, nabadilisha. Na kutembea ukutani nakuweka hapo hapo wiki ya 5, kwa zamu za watu 10, urefu wa mstari wa chaki nikaupime kesho. Kuna anayejua mstari uwe umbali gani kutoka ukutani?

Salama_PE

Anza na urefu wa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, kutoka kwapani hadi ncha za vidole. Kwa wiki ya kwanza hakuna sababu ya kusogea karibu zaidi ya hapo. Akishikilia sekunde 3 viwiko vikiwa vimenyooka na akashuka bila haraka, msogeze kiganja kimoja. Akianza kukunja viwiko, rudisha.

Nyasi_Tupu

Ninachora gridi ya mita 3 kesho asubuhi. Kuna mwenye mfano wa mfululizo wa mwisho usio na godoro? Nina vinne tu kati ya vile vitano, sijui cha kuweka mahali pa kubingirika.

Mama_Zawadi

Weka mkao wa wawili, kaka. Mmoja anainama kama meza, mwenzake anaegemeza viganja juu ya mabega yake na kuinua mguu mmoja nyuma.

KochaBahari

Mkao huo unafaa, mama. Sekunde 3 tena, na alama ya kwanza iwe ya aliye chini: mgongo umebaki sawa tangu mwenzake anaegemea mpaka anaondoka. Viganja vikae mabegani au juu ya nyonga, kamwe visikae katikati ya mgongo.